Mtoto wa Mama Tumaini

Mwezi huu ukurasa wetu wa Barazani unawaletea hadithi fupi. Watu wake tumewabuni, lakini mitaa ni ile ile ya Kariakoo, Dar es Salaam, na njia iliyomfikisha mtu huyu kwa ndugu zake ni njia ya kweli. Mwenye kupotelewa na ndugu anaweza kuifuata.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, 2025. Tulikuwa tumemaliza sala ya jumuiya yetu alfajiri, nasi tukashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu tunakokutana siku hizi. Akina mama tulikuwa saba. Chini, Mtaa wa Swahili ulikuwa umekwisha kuamka. Makuli walikuwa wakivuta mikokoteni ya marobota, wenye maduka wakifungua mageti, na machinga wakitandika bidhaa zao barabarani kabla jua halijawa kali.

Pembeni mwa mtaa, karibu na njia ya Narung'ombe, alisimama mzee mmoja mwenye kofia, umri kama miaka sitini. Mkononi alikuwa na bahasha kuukuu. Alikuwa akitazama majengo na kuhesabu kwa kidole, kisha akirudi mwanzo na kuhesabu tena. Alipotuona na rozari zetu akavua kofia.

"Ndugu zangu, habari za asubuhi," alisema. "Mnaweza kunionyesha kwa mjumbe wa nyumba kumi?"

Tulitazamana. Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini kilikuwa cha zamani, cha siku za duka la ushirika na foleni ya sukari. Mmoja wetu akamsalimu kwa salamu yetu, "Tumsifu Yesu Kristo." Yule mzee alinyamaza kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha akajibu polepole, "Milele, amina." Tukajua kwamba ni mwenzetu.

Tulimwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta nyumbani."

Jina lake Deogratias, nyumbani wakimwita Deo. Alizaliwa mtaa ule mwaka 1964, akaondoka mwaka 1984 akiwa kijana wa miaka ishirini. Siku zile kazi zilikuwa haba, na tangu mwaka uliotangulia vijana wasio na kazi mjini walikuwa wakikamatwa na kupelekwa vijijini. Deo na wenzake wawili walizamia meli bandarini, wakajificha, wakatokea Ugiriki katika mji wa bandari wa Pireo. Huko aliishi kwa kukwangua kutu na kupaka meli rangi.

"Hukuwaandikia wakwenu?" tulimwuliza.

"Niliandika," alisema. "Baba alifanya kazi bandarini, na barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la kazini kwake. Mpaka mwaka 1989 nilikuwa nikipata majibu. Baada ya hapo, kimya."

Wasomaji wengi mnalijua jambo hili. Kwetu siku zile barua hazikuwa zikiletwa mlangoni. Familia nyingi zilitumia sanduku la posta la kazini, la shule au la kanisa. Mwenye kazi akistaafu au akifariki, sanduku lile linabaki na mwajiri, na barua za nyumba nzima zinapoteza njia. Simu ya nyumbani hawakuwa nayo. Deo naye hakuwa na vibali, kwa hiyo asingeweza kusafiri halafu akarudi. Alipovipata, mwaka 1998, miaka ilikuwa imepita na mikono yake ilikuwa mitupu. Aliona haya. Kila mwaka alijiambia atakuja mwaka ujao.

"Kisha Novemba mwaka jana nikaona habari katika simu," alisema. "Jengo la ghorofa limeporomoka Kariakoo, watu wamo chini. Ilikuwa tarehe 16. Nililia usiku kucha, kwa sababu sikuwa na namba ya mtu hata mmoja wa kumpigia na kumwuliza kama mama yangu yumo."

Hapo ndipo alipoanza kuweka nauli.

Tulimwuliza kwao palikuwaje. Alifumba macho, akatueleza. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi katikati unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Mbele palikuwa na baraza ya saruji na mti wa mkungu. Uani palikuwa na jiko, bafu na bomba. Wazazi wake walikaa vyumba viwili, na vinne wakavipangisha. "Ilikuwa nyumba ya nne kutoka pembeni," alisema, "lakini kila nikihesabu, ya nne ni hoteli. Ilhali hoteli ile naona ipo karibu mno na njia ya mbele."

Mmoja wetu, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi ujenzi, alilitambua kosa lake. Mitaa ya Kariakoo haikuhama. Pembe na njia panda zake ni zile zile alizoziacha. Viwanja ndivyo vilivyoungana. Anayejenga ghorofa kubwa hununua nyumba mbili au tatu zilizopakana, akazivunja zote akasimamisha jengo moja. Kwa hiyo ukihesabu majengo utapita mbali na kwenu. Inafaa uhesabu viwanja vya zamani. Tulirudi naye pembeni. Jengo la kwanza lilikalia viwanja viwili. La pili lilikuwa na ghorofa nane, nalo lilikalia vitatu. Basi kiwanja cha nne kilikuwa ndani ya jengo hilo la pili, mahali penye duka la mapazia.

Deo alisimama mbele ya mapazia yale. Hapakuwa na baraza wala mkungu. Kijana wa dukani akamwuliza kama anataka ya sebuleni au ya chumbani.

Alimtajia kijana jina la baba yake. Hakulijua. Aliwatajia wa duka la pili na la tatu, nao hawakulijua. Wangelijuaje? Wanafanya kazi Kariakoo mchana, jioni wanarudi kulala Tabata na Kimara. Tulimpeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, kijana aliyechaguliwa katika uchaguzi wa Novemba 2024, alimpokea kwa heshima, lakini daftari lake la wakazi halikufika miaka ya themanini.

Tulipotoka, Deo alitufungulia moyo. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya mwisho ya baba yake, yenye namba ya kiwanja. "Sikuja kutafuta watu peke yake," alisema. "Mimi ndiye mwana wa kiume wa pekee. Kama dada yangu ameiuza nyumba ile bila mimi, nataka haki yangu."

Hatukumjibu. Lakini tukiri mbele yenu kwamba baadhi yetu tulikwisha kuchoka, na maneno yale yalitupunguzia huruma. Tulitaka kumwachia nauli ya bajaji na kumtakia heri. Ndipo mmoja wetu aliposema, "Kabla hajaenda, tumpeleke kwa Bibi Mwanahawa."

Bibi Mwanahawa ni mjane Mwislamu wa miaka zaidi ya themanini. Nyumba aliyopanga kwa miaka mingi mtaani kwetu ilivunjwa, naye anakaa Gongo la Mboto kwa mwanawe. Lakini kila alfajiri anapanda daladala na ndoo yake, akaja kuuza vitumbua mahali pale pale alipokuwa akiviuza zamani.

"Huyu nimemwuzia asubuhi hii," alisema alipomwona. "Nilimwona akihesabu majengo, nikadhani ni dalali."

"Shikamoo mama," alisema Deo.

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Deo alitaja jina la baba yake, majina yote mawili. Bibi akatikisa kichwa. Deo akasema alikuwa mfanyakazi wa bandari. Bibi akasema wafanyakazi wa bandari walikuwa wengi kama siafu.

"Baba zenu walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi usiku," alisema. "Mtaani sisi tulijuana akina mama. Mama yako tulimwita nani?"

Deo alishangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo alilolisahau kwa kuwa lilikuwa karibu mno. Mama yake alikuwa na jina lake, nalo ndilo aliloliandika juu ya barua zote. Lakini hakuna jirani aliyemwita kwa jina hilo. "Mama Tumaini," alisema. "Walimwita Mama Tumaini."

Bibi Mwanahawa aliweka upawa chini. Alimshika mkono wa kushoto akaupandisha mkono wa shati. Juu ya kiwiko palikuwa na kovu pana la kuungua.

"Uji wa moto," alisema Bibi. "Ulikuwa na miaka mitatu. Mimi ndiye niliyekupaka ute wa yai. Deo, mbona umechelewa hivi?"

Deo aliinama akalia hadharani, na wapita njia wakamzunguka na mizigo yao.

Ndipo Bibi akatoa ujumbe aliokuwa ameutunza kwa miaka ishirini na mitatu. Mama Tumaini alihama mwaka 2002. Siku ya kuhama aliwaaga majirani watatu, akawapa kila mmoja maneno yale yale: "Deo akirudi ataipotea nyumba. Msimwambie ninakokaa, maana nakwenda kupanga na sijui nitahamia wapi. Mwambieni aende kanisani alikobatizwa, aangalie kitabu cha ubatizo, kwenye jina la dada yake. Nyumba zinavunjwa, kitabu kile hakivunjwi."

Jirani wa kwanza alihamia Kigamboni akafariki. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa zamani wa jumuiya yetu, Mungu amrehemu. Hapo tuliona haya, kwani tulikumbuka kwamba aliwahi kututajia habari za kijana wa Mama Tumaini. Tulimsikiliza kama anayesikiliza hadithi ya mtu mzima, na hakuna aliyeandika. Wa tatu alikuwa Bibi Mwanahawa. Neno la mama Mkristo lilibaki kinywani mwa jirani yake Mwislamu, naye alilitunza mpaka mwenyewe akaja.

Tulikwenda ofisi ya parokia. Katibu hakutupa kitabu, na alikuwa na haki, maana vitabu vile vina siri za watu. Alitazama kwanza pasi ya kusafiria ya Deo, akatafuta ubatizo wake yeye mwenyewe, akalinganisha majina ya wazazi. Ndipo akakubali kumtafuta dada.

Hakumwona. Ubatizo huandikwa kwa mfuatano wa tarehe, na Deo alisema dada yake amemzidi miaka minne. Katibu alipitia mwaka 1960 wote, kisha 1961, wino umefifia na vichwa vya safu vimeandikwa Kilatini. Hapakuwa na Tumaini hata mmoja. Deo akakunja bahasha yake.

"Baba," katibu alimwambia, "Tumaini ni jina la nyumbani. Kanisani alibatizwa nani?"

Tena lilikuwa jambo dogo. Deo alikaa kimya, akijaribu kukumbuka siku ya kipaimara, dada yake amevaa gauni jeupe la kuazima na Askofu anamwita kwa jina ambalo wao watoto walilicheka. "Yuliana," alisema mwishowe.

Yuliana alikuwa pale, mwaka 1960, ukurasa ambao katibu alikwisha kuupita. Majina ya wazazi yalikuwa yale yale. Na pembeni, katika safu ya maelezo, palikuwa na maandishi ya mkono mwingine: ameolewa mwaka 1986, jina la mume, na jina la parokia moja ya Mbagala.

Pengine wapo kati yenu wasiojua utaratibu huu. Katika Kanisa Katoliki, Mkristo akifunga ndoa mahali popote duniani, parokia ya ndoa inapaswa kupeleka taarifa parokia alikobatizwa, nayo inaandikwa kando ya jina lake. Ndiyo maana wachumba huombwa cheti kipya cha ubatizo, kilichotolewa karibuni, ili kuonyesha kama pana maandishi pembeni. Jambo hilo liliwekwa kwa ajili ya kulinda ndoa, lakini linaonyesha pia mtu alikuwa wapi siku ile. Lina mipaka yake: kama ndoa haikufungwa kanisani, au kama taarifa haikutumwa, safu inabaki tupu. Mama Tumaini alijua kwamba ya binti yake haikuwa tupu, kwa kuwa alifuatilia mwenyewe.

Katibu alipiga simu Mbagala. Kule waliangalia majina ya jumuiya zao, wakampata Yuliana. Lakini namba yake hawakuitoa. Walimpigia wao kwanza, wakamwuliza kama yu tayari. Tulikaa benchini tukingoja. Baada ya dakika ishirini simu ikalia, katibu akasikiliza, kisha akatugeukia.

"Anasema aje," alisema. "Lakini aje kesho. Leo hajui atamwambia nini."

Jumapili, baada ya Misa, wawili kati yetu tulimsindikiza. Yuliana alitupokea mlangoni, mama wa miaka sitini na mitano, mwembamba, amefunga kitenge. Hakumkumbatia. Alitukaribisha tukae, akaleta maji, kisha akamwambia ndugu yake, "Mama alifariki mwaka 2009. Mwezi wa mwisho alikuwa akiulizia geti kila likilia."

Deo hakusema neno kwa muda mrefu. Mwishowe aliuliza habari za nyumba, kwa sauti ndogo.

Yuliana aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Baba yao alifariki mwaka ule ule wa 1989 ambao barua zilinyamaza. Kikao cha ukoo kilimteua mama kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ikamthibitisha. Wanunuzi walikuja mara nyingi, na kila mara mama aliwakatalia, akisema mwanawe atairudia nyumba akute si yake. Hakuuza mpaka moyo wake ulipoanza kuugua, dawa zikawa za kila siku, na bati la nyumba likawa linavuja vyumba vyote. Fedha ile ilimtibu, na iliyobaki ikanunua kiwanja hiki na kujenga vyumba vinne.

"Karatasi ya kikao ni hii," alisema Yuliana. "Tumeweka sahihi mimi, mama na baba mdogo. Hapa ni mahali pako."

Palikuwa na jina la Deogratias na mstari mtupu mbele yake.

"Na kile chumba cha mwisho ni chako," aliendelea. "Mama alisema kiandikwe hivyo. Lakini nisikudanganye. Hatukukiweka kitupu. Tulikipangisha tangu alipozidiwa, na kodi yake ndiyo iliyomnunulia dawa. Kama unadai fedha hiyo, sina."

Deo aliitoa ile bahasha yenye namba ya kiwanja, akaitia katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi nyingine, akamrudishia dada yake. Akasema, "Nionyeshe alipolala mama."

Makaburini nyasi zilikuwa ndefu. Yuliana alikuwa amebeba fagio na jembe, na alimkabidhi Deo vyote viwili. Sisi tulisimama mbali. Alilima na kufagia karibu saa nzima, na dada yake hakumsaidia. Alipomaliza tu ndipo Yuliana alipomsogelea, akamfuta udongo usoni kwa ncha ya kitenge, kama anavyofutwa mtoto, naye akaanza kulia.

Wapenzi wasomaji, Deo hakuipata nyumba aliyoitafuta, na mama yake hakumwona. Mambo hayo hayakutengenezeka. Aliokota kile ambacho wanawake watatu walimtunzia, na nusura kipotee kwa uzembe wetu sisi.

Kwa hiyo jumuiya yetu imenunua daftari gumu la kurasa mia mbili. Familia yoyote inayohama mtaani kwetu, ya dini yoyote, inaandika mambo matano: jina ambalo majirani walimwita mama wa nyumba; majina ya nyumbani ya watoto; majina yao ya ubatizo, kama wamebatizwa, na kanisa walikobatizwa; mahali wanakohamia; na simu ya ndugu mmoja asiyehamahama. Daftari linakaa ofisi ya parokia, na kila Januari tunapiga namba zile kuona kama bado zinaita.

Ukurasa wa kwanza aliuandika Bibi Mwanahawa, kwa mkono wa mmoja wetu. Alituambia tuandike Gongo la Mboto, kisha akasema tuongeze kwamba mpaka saa nne asubuhi anapatikana Mtaa wa Swahili, penye vitumbua.